Umelipia mifuko 45 ya simiti. Imefika mingapi?

Ukijenga nyumbani huku kazi yako iko mji mwingine, simu yako hujaa ujumbe wa malipo. Hadiwea, mwenye lori la mchanga, fundi, hadiwea tena. Ukiulizwa umetumia pesa ngapi kwa mjengo, unaweza kukaa chini jioni moja ukajumlisha na ukapata jibu. Lakini ukiulizwa ni mifuko mingapi ya simiti iko ndani ya ukuta, na mingapi iko stoo, wengi hunyamaza.

Sababu ni kwamba ujumbe wa malipo unathibitisha jambo moja tu: pesa imetoka kwako na imeingia kwa jina fulani, siku fulani, saa fulani. Hausemi kama mzigo ulipakiwa, wala kama ulifika wote. Na tuseme wazi mapema: ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, kuna njia ya kuomba irudishwe. Lakini ukilipa duka ambalo ulikusudia kulilipa, kisha mzigo ukapungua, hilo ni deni kati yako na duka. Sisi hatukuwepo wakati lori linashusha. Ndiyo maana tunataka uwe na rekodi yako mwenyewe, inayoweza kusimama kando ya ujumbe wetu.

Rekodi yenyewe si ngumu. Ni daftari la kawaida, ukurasa mmoja kwa kila bidhaa, na nambari tatu zinazoandikwa kila mara: kilicholipiwa, kilichofika na kilichotumika. Ukitoa kilichofika kwa kilicholipiwa, unajua duka linakudai au wewe unalidai. Ukitoa kilichotumika kwa kilichofika, unajua ni nini kinapaswa kuwa stoo. Halafu mtu anaingia stoo na kuhesabu. Nambari zikikataa kukutana, kuna jambo.

Tutatumia mfano mmoja wa nyumba kuonyesha namna hiyo inavyofanya kazi. Bei ni za mfano tu, wewe weka za kwenu.

Kabla hujalipa

Mteja wetu mmoja anafanya kazi Nairobi na alikuwa akijenga kwao Makueni. Nyumba ya mita 10 kwa 8, vyumba viwili vya kulala, paa la pande nne. Dada yake ndiye alikuwa pale kila siku. Msingi na slabu ulikuwa umeisha, mifuko 2 ya simiti ilibaki, na sasa walikuwa wanaingia hatua ya kuta.

Kitu cha kwanza alichofanya vizuri ni kuacha kutuma pesa ya vifaa kwa simu ya fundi. Pesa ya kazi ilikwenda kwa fundi, pesa ya vifaa ilikwenda moja kwa moja kwa nambari ya til ya hadiwea. Si kwamba fundi ni mwizi. Ni kwamba pesa ya vifaa ikipitia kwa fundi, ujumbe wako unaonyesha jina la fundi peke yake, na hujui hata kama alinunua mifuko kumi kwa bei uliyoambiwa. Ukilipa duka, jina la duka linakuja kwenye skrini kabla hujaweka PIN. Lisome. Kama hadiwea ina jina moja ukutani na jina tofauti kwenye skrini, piga simu uulize kwanza.

Jambo la pili ni kulipa bidhaa moja kwa malipo moja. Ukituma shilingi 41,300 kwa simiti, misumari, waya na usafiri pamoja, baada ya mwezi hutakumbuka simiti ilikuwa ngapi. Tuma malipo ya simiti peke yake. Ada inaweza kuongezeka kidogo, lakini ujumbe utakaoupata utakuwa na idadi kamili ndani yake: shilingi 15,000 kwa bei ya 750 ni mifuko 20, basi. Kama unalipa kwa peibil yenye sehemu ya kuandika nambari ya akaunti, na duka halina akaunti maalum linayotaka uandike, weka hatua na bidhaa hapo, kwa mfano KUTASIMITI2, yaani malipo ya pili ya simiti ya kuta. Itaonekana kwenye taarifa yako ya miamala.

Halafu mtumie dada yako, au yeyote anayepokea mzigo, ujumbe huo wa malipo pamoja na sentensi moja: nini kimelipiwa, ngapi, na aina gani. "Simiti mifuko 20, aina ya 32.5, ije leo." Nambari hiyo ya 32.5 au 42.5 imechapishwa kwenye mfuko wenyewe na ni daraja la nguvu. Zote mbili zinauzwa, bei zake hazifanani, na mtu anayepokea hawezi kujua uliyolipia kama hujamwambia.

Lori likifika

Hadiwea nyingi hutuma mzigo na karatasi ya delivari yenye nakala. Dereva anataka sahihi, anaondoka na nakala yake. Sahihi hiyo ndiyo kila kitu. Ukishaandika jina lako chini ya "mifuko 15", umekubali mifuko 15, hata kama lori lilikuwa na 6.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na haubadiliki hata dereva akiwa na haraka: mzigo unashushwa, unahesabiwa ukiwa chini, idadi iliyohesabiwa inaandikwa kwenye karatasi ya delivari kwa kalamu, kisha sahihi. Kama karatasi inasema 15 na zimefika 6, andika "zimefika 6, zimebaki 9" kwenye nakala zote mbili, dereva naye atie sahihi, na upige picha. Dereva akisema zilizobaki zinakuja mchana, sawa, zitakuja na karatasi yake nyingine.

Simiti ni rahisi kuhesabu ikipangwa mifuko kumi kumi, juu ya mbao ili isiguse sakafu, na mbali kidogo na ukuta. Mpangilio huu unasaidia mambo mawili kwa pamoja. Unyevu hauingii, na mtu yeyote akichungulia mlangoni anaweza kuhesabu bila kugusa. Usinunue simiti ya nyumba nzima kwa wakati mmoja kwa sababu bei ni nzuri. Simiti iliyokaa miezi mitatu hupungua nguvu hata ikiwa imehifadhiwa vizuri, na yenye mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole haifai kwa zege la nguzo wala la mshipi.

Mifuko mitupu isitupwe wala kuchomwa. Hii ndiyo sheria ambayo mafundi wengi huishangaa mwanzoni. Kila mfuko unaofunguliwa, ganda lake linakunjwa na kuwekwa kona moja ya stoo hadi hatua hiyo iishe. Mifuko mizima pamoja na maganda lazima iwe sawa na mifuko iliyofika.

Fundi anasema simiti imeisha. Ni kweli?

Sasa turudi kwa nyumba ya Makueni. Kuta za nje zilikuwa mita 36 kuzunguka, za ndani mita 20, jumla mita 56. Urefu kutoka slabu hadi chini ya mshipi wa zege ni mita 2.6, yaani kozi 13 za blok. Ukizidisha unapata mita za mraba 145.6. Ukitoa milango mitano na madirisha sita, zinabaki kama 125.

Blok ya kawaida ya futi moja na inchi nne kwa inchi nane, pamoja na udongo wa simiti unaozunguka, huingia 12.5 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo kuta zile zinahitaji blok 1,567 hivi. Ongeza asilimia 5 za kuvunjika na kukatwa, unafika 1,645. Waliagiza 1,650, zije kwa safari tano za 330.

Kwa blok, hesabu ni ya kuangalia tu, mradi zipangwe. Walikuwa wakizipanga kumi kwa urefu na tano kwenda juu, kila rundo 50. Safari ya 330 ni marundo sita na blok 30. Zilizovunjika wakati wa kushusha ziliwekwa kando na kuandikwa kwenye karatasi ya delivari, hazikuhesabiwa kama zimefika. Kama blok nyingi zinavunjika kwenye kona zikiguswa tu, tatizo huenda si dereva. Zinaweza kuwa zilitolewa kabla hazijakomaa, na hapo ni afadhali usimamishe safari inayofuata kuliko kuandika hasara kila mara.

Simiti ya kujengea ndiyo ngumu, kwa sababu ukishaichanganya huwezi kuihesabu. Watu wengi huuliza: mfuko mmoja unajenga blok ngapi? Jibu linategemea unene wa blok, kiasi cha mchanga, na mkono wa fundi. Kwa blok za inchi sita na mchanganyiko wa simiti moja kwa mchanga nne, kati ya 70 na 100 ni kawaida. Lakini nambari hiyo pana hivyo haikusaidii kumbana mtu. Njia nzuri ni kupima fundi wako mwenyewe siku za kwanza, wakati kila mtu bado anaangalia.

Dada yule alifanya hivyo. Siku mbili za kwanza mifuko 4 ilifunguliwa na blok 328 zikajengwa. Gawanya: blok 82 kwa mfuko. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha mjengo ule hadi mwisho. Si kipimo cha kitabu, ni cha fundi yule, na yeye mwenyewe alikubali.

Siku za kazi zikaenda. Mteja wetu alilipa mara tatu: 15,000, kisha 11,250, kisha 7,500. Ni mifuko 20, 15 na 10, jumla 45. Karatasi za delivari zilisema 20, 15 na 5. Ile ya mwisho, duka lilikuwa limeishiwa na likaandika lenyewe kwamba mifuko 5 itafuata.

Kisha fundi akaomba mifuko mingine 10 kwa ajili ya mshipi wa zege unaozunguka juu ya kuta, ule mafundi huuita ringi bimu. Shilingi 7,500. Mteja alikuwa ameshafungua simu ili atume, akasema ngoja, dada ahesabu stoo kwanza.

Stoo ilikuwa na mifuko 17 mizima na maganda 16. Jumla 33. Lakini ukichukua mifuko 2 iliyobaki kutoka msingi na 40 ya karatasi za delivari, zilipaswa kuwa 42. Mifuko 9 haikuonekana.

Unajua kilichofuata. Mteja alipiga simu akiwa na hasira, na dada akamwendea fundi.

"Fundi, simiti mifuko tisa iko wapi?"

"Mama, mimi nimejenga na ile iko hapa. Maganda si umeyahesabu wewe mwenyewe?"

Na hesabu ilikuwa upande wa fundi. Blok zilizokuwa zimejengwa zilikuwa 1,230. Gawanya kwa 82, unapata mifuko 15. Maganda yalikuwa 16. Mfuko mmoja zaidi kwa blok elfu na zaidi, hiyo ni kawaida kabisa. Kama fundi angekuwa anachota simiti kwa ndoo na kuipeleka kwingine, maganda yangekuwa mengi kuliko blok zinavyodai. Na kama mifuko mizima ingekuwa inatoka usiku, ingepungua kutoka hesabu ya jioni moja hadi ya asubuhi iliyofuata.

Hapo ndipo daftari la dada lilipookoa kazi ya mtu. Kila jioni alikuwa akiandika mifuko mizima iliyo stoo. Wakarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Siku ya delivari ya pili, mvua ilinyesha na hakuna mfuko uliofunguliwa. Jioni kabla ya siku hiyo: mifuko 11. Jioni ya siku hiyo: mifuko 17. Karatasi ya delivari inasema 15 ziliingia. Kumi na moja na kumi na tano ni ishirini na sita, si kumi na saba. Ziliingia 6.

Dada hakuwepo lori lilipofika. Mlinzi ndiye alipokea, mvua ikinyesha, na dereva alimwambia nyingine 9 zinakuja na kanta ya mchana. Akatia sahihi ya 15 ili dereva aende. Kanta ya mchana haikuja, na kwa kuwa hakuna aliyelinganisha karatasi na stoo jioni ileile, siku kumi na moja zilipita.

Duka lilileta ile mifuko 5 bila maneno, kwa sababu lilikuwa limeiandika lenyewe. Zile 9 lilikataa, na sahihi ilikuwa pale. Shilingi 6,750 zikaenda hivyo. Laiti karatasi ile ingelinganishwa na stoo siku hiyohiyo, dereva angekumbuka alikoshusha mzigo uliobaki, na duka lingekuwa na sababu ya kumuuliza.

Lakini kuna pesa nyingine ambayo haikutoka. Blok zilizobaki zilikuwa 337, mifuko 5 hivi kwa kipimo cha 82. Mshipi wa zege, mita 56 kwa upana wa sentimita 15 na kimo cha 20, ni kama mita 1.7 za ujazo. Zege la moja, mbili, nne hula mifuko 6 na nusu kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo 11, ongeza mmoja wa kumwagika, 12. Jumla 17. Stoo ilikuwa na 17, na 5 za duka zilikuwa njiani. Zile 10 fundi alizoomba hazikuhitajika. Hakuwa anadanganya, alikuwa anaomba akiba kama mafundi wengi wanavyofanya, maana kazi ikisimama katikati ya kumwaga zege ni yeye anayelaumiwa. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na hesabu ya kumjibu kwa heshima.

Mchanga hauhesabiwi, hupimwa

Kwa mchanga watu hulipa "lori moja" au "tani saba" na wanaishia hapo. Hakuna mizani nyumbani, na ukishamwagwa chini hakuna anayeweza kusema ulikuwa kiasi gani. Kwa hiyo kipimo kinafanywa ukiwa bado ndani ya lori.

Chukua futi ya kupimia. Pima sanduku la lori kwa ndani: urefu, upana, na kimo cha mchanga wenyewe, si kimo cha ubao. Kimo cha mchanga unakipata kwa kuchomeka fimbo nyembamba ya chuma hadi iguse sakafu ya lori, kwenye kona nne na katikati, halafu unachukua wastani. Lori la mfano wetu lilikuwa mita 3.6 kwa 2, na mchanga ulikuwa sentimita 60. Zidisha, unapata mita 4.3 za ujazo, na kwa mchanga wa kawaida hiyo ni karibu tani saba kweli.

Safari ya pili mchanga ulikuwa sentimita 50. Kwa macho unaona umepungua kidogo tu chini ya ubao, na dereva atasema umetulia njiani. Kweli, mchanga hutulia barabara ikiwa mbaya. Lakini sentimita 10 kwenye lori lile ni robo tatu hivi ya mita ya ujazo, yaani sehemu moja kwa sita ya mzigo. Kama lori ni shilingi 15,000, hapo kuna 2,500. Kutulia hakufiki hapo. Na mchanga wenye unyevu kidogo hufanya kinyume, huvimba na kuonekana mwingi kuliko ulivyo. Usishangae lundo lililofika asubuhi ya mvua likionekana kubwa kisha likapungua jua likiwaka, bila mtu kuchota.

Afadhali kukubaliana na mwenye lori kabla: bei ni ya kimo fulani, kikipungua tunapunguza pesa. Hii inawezekana tu kama hujalipa yote. Kwa mchanga tunashauri utume sehemu ndogo ya kuanzia safari, na iliyobaki utume dada akishapiga picha ya fimbo ikiwa ndani ya mchanga. Picha hiyo na ujumbe wa malipo vikae pamoja. Pia asugue mchanga kiganjani: ukiacha tope jingi linaloshika ngozi, una udongo ndani yake na utakula simiti zaidi kuliko kipimo chako cha blok 82.

Makueni ina sheria yake ya kaunti ya mchanga tangu 2015, na si kila mto unaruhusiwa kuchotwa. Kabla hujamlipa mwenye lori, muulize unatoka wapi na kama ana karatasi za kaunti. Lori likizuiwa njiani na wewe umeshalipa yote, pesa yako imezuiwa nalo.

Mabati: idadi ikiwa sawa, bado angalia

Mabati ni rahisi kuhesabu na ndiyo maana watu hudanganyika. Zilizolipiwa 62, zimefika 62, sahihi. Lakini bati lina mambo matatu ambayo bei inategemea: urefu, rangi na geji. Geji ni unene, na inakwenda kinyume na unavyodhani: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Bati la geji 32 lililopakwa rangi ileile linafanana na la 30 ukiwa umesimama hatua mbili.

Kwa hiyo kwenye ujumbe unaomtumia anayepokea, andika yote: "Mabati 62, mita 3, geji 30, rangi ya kahawia." Akipokea, asome maandishi yaliyochapishwa kwenye bati, na asisome moja la juu tu. Achomoe moja la katikati ya furushi na moja la chini. Maandishi yakiwa hayaonekani au yamefutika, njia ya mtu wa kawaida ni mizani. Omba duka siku unapolipia lipime bati moja la urefu na geji uliyochagua, uandike kilo kwenye risiti. Mzigo ukifika, pima bati mbili au tatu kwa mizani yoyote ya sokoni. Bati jembamba ni jepesi, na huwezi kuficha uzito.

Fanya haya kabla fundi hajapiga msumari hata mmoja. Bati lililotobolewa halirudi dukani. Na usiagize mabati wakati mbao za paa bado hazijasimama. Yakilala chini yamebanana na maji yakaingia katikati, hutokwa na unga mweupe, na duka halitakubali kwamba yalitoka kwao hivyo.

Mteja wetu alisubiri hadi mbao zilipoisha. Bati 4 kati ya 62 zilikuwa fupi kwa sentimita 50. Dada aliandika "58 sawa, 4 fupi" kwenye karatasi ya delivari, akapiga picha bati fupi likiwa juu ya refu, na hakutia sahihi hadi dereva alipotia yake. Zilibadilishwa baada ya siku mbili.

Kufunga hatua

Hatua ikiisha, kabla ya kutuma shilingi ya kwanza ya hatua inayofuata, dada na fundi waliingia stoo pamoja. Walihesabu kilichobaki, wakaandika tarehe, wote wawili wakatia sahihi, na picha ya ukurasa ikaja Nairobi. Mwisho wa kuta ukurasa ulisema: simiti iliyobaki mifuko 6, blok nzima 41, mchanga kiasi cha wilbaro 20. Mifuko ilitarajiwa 5, ikabaki 6, kwa hiyo ringi bimu ilikula kidogo kuliko walivyopanga. Maganda yalihesabiwa mara ya mwisho, kisha ndiyo yakatolewa.

Kilichobaki kinahamia ukurasa wa plasta kama mstari wa kwanza, kabla ya malipo yoyote mapya. Blok 41 zilitumika kujenga ngazi ya mlango wa nyuma, na hilo nalo liliandikwa. Siku hiyohiyo mteja huchukua taarifa yake ya miamala ya hatua nzima na kupita ujumbe mmoja mmoja akiweka tiki kando ya karatasi ya delivari inayolingana nao. Malipo yasiyo na karatasi ya delivari, anapigia duka simu kabla halijafunga hesabu zake za mwezi.

Mlinzi bado hupokea mzigo siku ambazo dada ameenda sokoni. Sasa ana kalamu yake mwenyewe, na anahesabu mzigo ukiwa chini hata mvua ikinyesha.